Mara Nane, Si Thelathini: Jenoptem Niliyoitambua Kabla ya Kuishika

Picha iliingia kwenye simu saa nne usiku, nimeshazima taa. Mpwa wangu alikuwa ameandika: "Shikamoo mjomba. Kitu gani hiki? Mwenye nacho anataka elfu tisini. Anasema inavuta mara thelathini." Chini yake darubini nyeusi ya macho mawili, imelazwa juu ya gazeti kwenye meza ya vitu vya mitumba pale Darajani, kamba yake ya ngozi imekatika upande mmoja.

Niliwasha taa nikakaa. Nilijua ni kitu kizuri kabla sijasoma hata herufi moja, na sasa nimeshaishika, siku ya pili tu, na siwezi kungoja wiki ipite ndipo niandike. Hii darubini ni nzuri! Ni nzuri mno! Lakini kabla sijaeleza nilichokiona nilipoiweka machoni, lazima nieleze nilichokiona kwenye ile picha, maana furaha yote ilianzia humo. Picha moja ya simu, iliyopigwa chini ya taa mbovu ya kibandani, ilikuwa imeshasema karibu kila kitu.

Cha kwanza ni mabega. Tazameni darubini yoyote kwa juu, kama vile imelala mezani. Kama mirija yake miwili imenyooka kutoka jichoni hadi mbele, mithili ya bomba mbili zilizowekwa sambamba, hiyo ni ya aina ambayo prizimu zake zimejipanga ndani ya mstari mmoja. Lakini kama vioo vya mbele vimeachana zaidi kuliko vioo vya macho, na katikati pana ngazi, pana bega lililochomoza kila upande, hapo mnatazama darubini ya Porro. Ignazio Porro alikuwa Mwitaliano, na alisajili wazo lake la prizimu mwaka 1854. Mwanga ukiingia unagonga prizimu mbili za pembe tatu na kupigwa kona mara nne, hivyo taswira iliyogeuzwa juu chini na lenzi ya mbele inasimama tena wima. Zile kona ndizo zinazolisukuma bega nje. Basi umbo si urembo. Umbo ni njia ya mwanga inayoonekana kwa nje, na ndiyo sababu mtu anaweza kuitaja aina hata kama picha imetoka na ukungu.

Mpwa wangu alikuwa ametuma mabega mazuri kabisa. Mapana, ya pembe kali, na juu yake bamba la chuma lililofunikwa rangi nyeusi. Halafu nikaona jambo jingine lililonifanya nisogeze simu karibu na uso: palikuwa na mstari, mshono, pale ambapo mrija wa mbele unakutana na sanduku la prizimu. Mrija umeskrubiwa kwenye sanduku, ni vipande viwili. Huo ni mtindo wa Kijerumani. Wamarekani walipenda kumimina mrija na sanduku kuwa kitu kimoja, bila mshono, na darubini nyingi za Kijapani zilifuata mtindo huo wa Kimarekani, ingawa nyingine zilifuata wa Kijerumani. Mshono peke yake hauthibitishi nchi, lakini unapunguza orodha. Nikavuta picha zaidi.

Kwenye bamba moja palikuwa na jina. Herufi zilikuwa zimechongwa, si kuchapwa, na rangi nyeupe ndani yake ilikuwa imeliwa na jasho la vidole vya miaka mingi. Nilisoma "Jenoptem". Chini yake namba: kitu kama sita au nane, halafu x, halafu 30, halafu W. Kwenye bamba la pili: "Carl Zeiss Jena", na herufi tatu zilizonifanya niseme kwa sauti, peke yangu chumbani, "Ala!" Zile herufi zilikuwa DDR.

Kwa sisi tuliokulia Unguja, DDR si herufi za kubabaisha. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mwaka 1964, na wao wakaja kusaidia kujenga majumba ya Kikwajuni na kupanga yale ya Michenzani. Bila shaka kwa njia moja au nyingine kifaa kama hiki kingeweza kufika kwetu. Lakini kwa mtazamaji wa picha, DDR inafanya kazi nyingine: inaweka tarehe. Nchi hiyo ilianza 1949 na ikaisha tarehe 3 Oktoba 1990. Darubini yenye herufi hizo imetengenezwa ndani ya muda huo, basi. Na jina Jenoptem linasogeza karibu zaidi, kwa sababu lilianza kutumika kwa 8x30 mwishoni mwa miaka ya 1970, kwenye mwili uleule wa Deltrintem, ile 8x30 mashuhuri ya Jena iliyotoka mwaka 1920. Kwa hiyo umbo lililokuwa mezani Darajani lina asili ya miaka mia moja na zaidi, ila kifaa chenyewe ni cha miaka ya themanini au karibu na hapo.

Sasa zile namba. Hapa ndipo mwenye kibanda alipojikwaa, na hapa ndipo watu wengi hujikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Alama ya namba mbili zenye x katikati husomwa hivi: ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. 8x30 maana yake ni kwamba meli iliyo umbali wa mita 800 inaonekana kama iko mita 100, na kioo cha mbele kina kipenyo cha milimita 30. Thelathini si nguvu. Thelathini ni dirisha linaloingiza mwanga. Muuzaji alichukua namba kubwa kwa sababu ni kubwa, na ni rahisi kumwelewa: kila mtu anayeshika darubini anauliza inavuta ngapi, na 30 inajibu vizuri kuliko 8. Lakini jaribuni kuifikiria darubini ya kushika mkononi inayovuta mara 30 kweli. Kila mtetemo wa mkono nao ungekuzwa mara 30, na jahazi lingerukaruka ndani ya duara kama samaki kwenye tenga. Na kwa kioo cha milimita 30, mwanga unaotoka nyuma ungekuwa na upana wa milimita moja tu. Giza tupu ikifika magharibi.

Namba nyingine zilikuwepo kwenye picha, na zote zinaweza kumpoteza mtu. Kwenye kofia ya bawaba, pale darubini inapokunjwa ili ilingane na macho, palikuwa na kipimo kidogo chenye namba za sitini na kitu. Hizo ni milimita kati ya mboni na mboni ya mtumiaji. Nimewahi kuona mtu akiapa kwamba darubini yake inavuta mara 65 kwa sababu ya kofia hiyo. Kwenye kioo cha jicho la kulia palikuwa na sifuri na alama za kuongeza na kutoa, ambazo ni za kusawazisha jicho moja lisilolingana na lenzake. Na chini ya jina la kampuni palikuwa na namba ndefu ya tarakimu nyingi, yaani namba ya kifaa. Ukuzaji hautafutwi kwenye kofia wala kwenye pete. Tafuteni x. Pasipo x, pasipo namba mbili zilizoungana, bado hamjaupata.

Na ile W? Ni herufi ya neno la Kijerumani la pembe pana. Herufi hiyo moja ndiyo iliyonifanya nikose usingizi. Jenoptem ya 8x30 inajulikana kwa upeo wa mita 150 kwenye umbali wa mita 1000, nyuzi takriban nane na nusu. Darubini nyingi za mara nane hutoa mita 110 hadi 130 hivi. Kwa maandishi ni tofauti ndogo. Machoni, subirini kidogo.

Lakini nilibaki na swali moja. Ile tarakimu ya kwanza iliyoliwa: ni 8 au ni 6? Swali hilo si dogo, kwa sababu 6x30 ni kipimo halisi kabisa, tena cha kale, kilichotumika sana jeshini. Mchanga kidogo ndani ya mchongo wa 8 unaifanya 6, na mkwaruzo unaifanya 6 kuwa 8. Jina Jenoptem na ile W vilinielekeza kwenye nane. Gurudumu la katikati pia, kwani zile 6x30 za kijeshi kwa kawaida hazina gurudumu. Kila jicho linarekebishwa peke yake kwa kuzungusha kioo chake. Ushahidi ulikuwa umeshaegemea upande mmoja. Hata hivyo mabamba hufunguliwa kwa skrubu chache, na bamba lililotoka kwenye darubini moja linaweza kuishia juu ya nyingine. Nilitaka darubini yenyewe iseme, si bamba lake.

Asubuhi nikamwandikia mpwa wangu: rudi pale, chukua rula ya shule, unipigie picha mbili. Ya kwanza, simama mbele ya darubini, weka rula kwenye kioo cha mbele. Ya pili ndiyo muhimu. Elekeza vioo vya mbele kwenye mbingu nyeupe, ushike darubini mbali na uso, kama nusu mita, kisha upige picha kwa nyuma, moja kwa moja kwenye kioo cha jicho, rula ikiwa imesimama sambamba na ukingo wake. Usisogeze simu karibu. Kaa mbali, uvute kwa simu.

Mtu akitazama kioo cha jicho akiwa mbali hivyo haoni mandhari. Anaona duara dogo jeupe linaloelea katikati ya weusi, kama mwezi mpevu wa usiku wa kumi na nne. Hilo duara ni sura ya kioo cha mbele, imepunguzwa mara ileile ambayo darubini inakuza. Yaani darubini inajiandika yenyewe! Gawanyeni upana wa kioo cha mbele kwa upana wa duara, mnapata ukuzaji wa kweli, hata kama maandishi yote yamefutika, hata kama yamedanganya.

Picha zikaja kabla ya adhuhuri. Ya mbele haikuwa na shaka: kioo kilichoonekana ndani ya pete kilikuwa milimita 30 kamili. Ya nyuma niliifungua kwenye kompyuta nikahesabu nukta. Milimita 10 za rula zilichukua nukta 212. Duara jeupe lilichukua nukta 80. Themanini kugawa kwa 21.2 ni 3.77. Thelathini kugawa kwa 3.77 ni 7.96.

Nane! Kama ingekuwa sita, duara lingekuwa na upana wa milimita tano, yaani nukta 106, na hakuna mkono unaotetema wala rula iliyopinda inayoweza kugeuza 106 kuwa 80. Kosa lililopo katika njia hii ni dogo, na linaeleweka: duara linaelea milimita kadhaa nyuma ya kioo, kwa hiyo liko karibu na kamera kuliko rula. Kwa nusu mita, kosa hilo ni kama sehemu mbili kwa mia. Ndiyo maana nilimkataza kusogeza simu. Angepiga kwa umbali wa kiganja, rula na duara vingekuwa kwenye vipimo viwili tofauti, na hesabu ingetoka ovyo.

Nilimwambia ainunue. Akapatana, akaipata kwa elfu sabini na tano, akaniletea nyumbani jioni ndani ya mfuko wa mkate.

Ilikuwa nzito kidogo kuliko nilivyotegemea, ile nzito nzuri ya chuma. Gurudumu lilikuwa gumu, mafuta ya zamani yameganda ndani, lakini lilikwenda bila kuruka. Nilizungusha bawaba hadi maduara mawili yakawa moja. Tukaenda Forodhani, jua likiwa bado juu ya maji, nikaielekeza Changuu.

Kisiwa kizima kiliingia. Kizima! Changuu kiko kilomita tano na kitu kutoka Mji Mkongwe na kina urefu wa takriban mita 800, na ndani ya duara moja nilikiona kutoka ncha hadi ncha, na maji yamebaki pande zote mbili. Pigeni hesabu: mita 150 kwa kila elfu, mara tano na kitu, inatoa zaidi ya mita 800. Hesabu ilikuwa sawa tangu usiku, lakini kuiona ni jambo jingine. Darubini nyingi zinakufanya uhisi unachungulia kwenye bomba. Hii iliondoa bomba. Niliona miti, nikaona paa, nikaona boti mbili zikirudi na wageni, na katikati ya yote hayo sikuwa nasogeza mikono. Macho ndiyo yaliyokuwa yakitembea.

Kisha jahazi likapita karibu nasi, tanga limejaa. Katikati ya duara niliona kiraka kwenye tanga, cha kitambaa cha rangi tofauti, na mshono wake. Ukingoni mwa duara mshono huo ulilegea, ukawa kama umelowa maji. Huo ndio udhaifu wa W ya zamani, na lazima usemwe: upana umepatikana, lakini ukingo haukunolewa kama katikati. Mimi hainisumbui hata kidogo. Ukingo ni wa kunijulisha kuna kitu kinakuja; nikitaka kukisoma nakileta katikati.

Mpwa wangu anavaa miwani, na yeye alipata taabu. Vioo vya macho vya Jenoptem vinataka jicho lisogee karibu sana, na kwa miwani anapoteza pembeni kote, W yote inapotea. Alivua miwani akarekebisha kwa gurudumu na akaona vizuri. Mwenye tatizo la jicho kukosa umbo sawa hawezi kufanya hivyo, kwa sababu gurudumu halisahihishi aina hiyo. Kwake nisingeipendekeza, hata kwa mapenzi yote niliyonayo.

Na kwa sababu tunaishi na chumvi, nilikuwa nimeshatazama jambo la mwisho kwenye picha za mchana. Darubini hii haikuzibwa dhidi ya maji, na hewa ya pwani inaingia. Baada ya zile mbili nilimwomba mpwa wangu awashe tochi ya simu, aielekeze kwenye kioo cha mbele kwa mshazari, na kupiga picha upande uleule. Kuvu ndani ya kioo huonekana kama nyuzi za buibui zinazotawanyika kutoka sehemu moja. Vumbi huonekana kama nukta zisizoungana, na halina neno. Ya kwetu ilikuwa na vumbi, na kwenye ukingo wa prizimu ya kushoto uzi mmoja mfupi. Mmoja. Nitamtafuta fundi auondoe kabla ya masika.

Kitu kimoja picha haiwezi kukionyesha: kama mirija miwili inatazama mahali pamoja. Darubini iliyoanguka huweza kuonekana nzima kabisa, lakini prizimu imehama kwa unywele ndani, na mtumiaji anaona nguzo mbili badala ya moja, au anaona moja kwa sababu macho yanalazimishwa, kisha baada ya dakika kumi kichwa kinauma. Hilo mtu analipima kwa mkono wake tu, kwa kutazama mstari wa mbali, waya wa umeme au upeo wa bahari, na kuisogeza darubini polepole mbali na macho. Mstari ukikatika, moja juu na nyingine chini, kuna kazi ya fundi. Ya kwetu ilishika mstari mmoja.

Tulipokuwa tumekaa pale ukutani nilimtolea mpwa wangu kitu kutoka mfukoni. Ni darubini ya jicho moja, niliyoinunua miaka miwili iliyopita kwa picha tu, sina haja ya kumtaja aliyeniuzia. Ubavuni imeandikwa kwa dhahabu 40x60. Nilimwambia aishike mbali, aielekeze mbinguni, na atazame duara.

"Kubwa, mjomba," akasema. "Kubwa kuliko la hii."

Ndivyo. Kama ingekuwa 40x60 kweli, duara lingekuwa milimita moja na nusu, kama kichwa cha pini. Lakini lilikuwa na milimita 4.3. Na kioo cha mbele, tukikipima glasi yenyewe bila pete ya mpira, kilikuwa milimita 42. Kugawa: chini kidogo ya kumi. Ni darubini ya 10x42 iliyovaa maandishi ya 40x60, na mtu angeweza kulijua hilo kwa picha ya nyuma iliyopigwa vizuri. Nilipoinunua picha zote zilikuwa za mbele, zenye kioo kikubwa kinachong'aa. Sasa nikiona tangazo la darubini naomba picha moja tu: ya kioo cha jicho kwa mbali, mbingu ikiwa nyuma.

Alama zenye kistari ni jambo jingine na ni za halali. 20-60x60 ni darubini ya kuvuta kidogo kidogo, kutoka mara 20 hadi 60, kioo kikiwa milimita 60. Hiyo ni ya kuweka kwenye stendi, na kwa umbo ni ya jicho moja, mara nyingi kioo chake cha jicho kimeinama. Na darubini ndogo za nyota hazina x kabisa kwenye bomba. Zimeandikwa, kwa mfano, D=70 na F=700. D ni upana wa lenzi, F ni umbali ambao lenzi inakusanyia mwanga, vyote kwa milimita. Ukuzaji unategemea kipande cha jicho kilichochomekwa, nacho kina namba yake ndogo: gawanya 700 kwa 20 upate mara 35, au kwa 4 upate mara 175. Boksi litasema mara 525, na namba hiyo imepatikana kwa kuchukua 175 na kuongeza kifaa cha kuzidisha mara tatu. Kwa kioo cha milimita 70, kitu chenye manufaa huishia karibu na mara 140. Juu ya hapo picha inakua lakini hakuna jipya ndani yake. Basi ikija picha ya darubini ya nyota, nasoma bomba na kipande cha jicho, boksi naliacha.

Magharibi ikaingia. Hapa nilikuwa na hofu kidogo, maana duara la milimita 3.77 ni dogo kuliko mboni ya jicho gizani, na mboni ya kijana inaweza kufunguka hadi milimita saba. Darubini ya 7x50, yenye duara la milimita saba, ingeendelea kuona muda mrefu zaidi. Ya kwetu ilififia mapema, kama robo saa baada ya jua kuzama rangi zilikuwa zimeshakwenda na boti zimebaki vivuli. Mvuvi wa usiku achukue 7x50. Kwa mchana mzima, na kwa ile saa ya dhahabu kabla ya jua kugusa maji, sijashika kitu kinachoizidi kwa bei hii.

Tulikuwa tunaondoka ndipo mpwa wangu aliponyoosha mkono. Mushtara ilikuwa imeshatoka, nyota kubwa isiyopepesa. Nilimwambia aegemeze viwiko ukutani na azuie pumzi. Alikaa kimya muda mrefu, nikafikiri haioni.

"Mjomba, pembeni yake kuna vinukta. Vimepangana. Vitatu." Akasogeza kichwa, akaangalia tena. "Vinne! Cha nne kiko peke yake upande huu."

Alikataa kuirudisha. Ilibidi nimpe na mfuko wake wa mkate, akaondoka nayo hadi nyumbani, na hivi ninavyoandika bado iko kwake.